Nguzo ngapi, maroli mangapi ya wavu: kuhesabu uzio wa cheni linki kwenye ploti ya mstatili

Shemeji yangu ana shamba dogo Ruai, karibu nusu eka, analotaka kulizungushia wavu wa cheni linki kabla hajaanza kupanda sukuma na kuweka kuku. Aliita mafundi watatu, kila mmoja kwa siku yake. Wote watatu aliwaambia jambo moja: urefu mita 64, upana mita 31, na nguzo zisiachane zaidi ya mita 3. Wa kwanza akamwandikia nguzo 64. Wa pili akasema 66. Wa tatu akasema 70. Akanipigia simu jioni. "Shem, hawa watu ni nani kati yao ananiibia?"

Hakuna aliyekuwa anamwibia. Kila mmoja alihesabu kwa njia yake, na njia mbili kati ya hizo tatu zina kosa ambalo nimelikuta kwenye fensi nyingi hapa Nairobi. Kwa kuwa nguzo za zege ni nzito na lori hulipwa kwa safari, nguzo mbili zikipungua unalipia safari nzima kwa ajili ya nguzo mbili. Zikizidi nne, zinabaki zimelala kwenye nyasi. Basi nitaeleza hesabu hii kwa shamba hilohilo la Ruai, mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya kwanza: pima ardhi yenyewe

Usianze na namba uliyoambiwa na aliyekuuzia. "Hamsini kwa mia" ni jina la ploti, na ni futi. Kwa mita ni 15.24 kwa 30.48, lakini watu huandika 15 kwa 30 na kupoteza karibu mita moja na nusu kwenye mzunguko mzima. Hata nusu eka ya shemeji yangu, ukizidisha 64 kwa 31 unapata mita za mraba 1,984, wakati nusu eka kamili ni kama 2,023. Ingekuwa makosa kununua vifaa vya nusu eka ya mdomo.

Tafuta bikoni zote nne kwanza. Ruai udongo ni mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na bikoni mara nyingi huwa zimefunikwa, kwa hiyo nenda na jembe. Ukikosa hata moja, mwite sorveya kabla ya kuchimba shimo lolote. Ukishazipata zote, pima pande nne, kila upande peke yake, kwa tepu ya mita 50 iliyovutwa ikakaza. Halafu pima kutoka kona hadi kona kwa kukatisha katikati ya shamba, mara mbili. Kwa mstatili wa 64 kwa 31, mishazari yote miwili inatakiwa kusoma kama mita 71.1. Ikiwa mmoja unasoma 71 na mwingine 73, pembe si za mraba au kuna bikoni iliyosogezwa, na hilo ni la kumaliza na jirani kabla ya kununua chochote.

Kama shamba liko kwenye mteremko, kama ilivyo sehemu nyingi za Dagoretti, pima kwa kufuata ardhi. Ramani hutoa umbali kana kwamba nchi ni tambarare. Upande wa mita 31 unaoshuka mita 8 una mita 32 za uzio, na hiyo mita ya ziada hutaiona kwenye karatasi yoyote.

Hatua ya pili: hesabu nafasi, nguzo zitakuja zenyewe

Hapa ndipo mafundi wale watatu walipoachana. Siri ni kuacha kuhesabu nguzo na kuanza kuhesabu nafasi zilizo kati yake.

Fikiria watoto kumi walioshikana mikono na kufanya duara. Mikono iliyoshikana ni sehemu kumi, sawa na idadi ya watoto. Sasa wawili waachiane, wajipange mstari: watoto bado ni kumi lakini sehemu za kushikana ni tisa. Uzio unaozunguka na kurudi ulikoanzia ni duara, hata kama una kona nne. Nafasi na nguzo ni sawasawa. Uzio wenye mwanzo na mwisho ni mstari, na nguzo huzidi nafasi kwa moja.

Chukua ploti ndogo kwanza, ya futi 50 kwa 100, nguzo kila futi 10. Upande mfupi una nafasi 5 na mrefu una 10. Ukizunguka unapata 5 na 10 na 5 na 10, jumla nafasi 30. Nguzo ni 30. Atakayesema "upande wa nafasi 5 una nguzo 6, wa nafasi 10 una 11," kisha akajumlisha 6 na 11 na 6 na 11, atapata 34. Amehesabu kila kona mara mbili: mara moja ikiwa mwisho wa upande mmoja, mara ya pili ikiwa mwanzo wa upande unaofuata.

Sasa turudi Ruai. Mita 64 gawanya kwa 3 ni 21.33. Huwezi kuwa na theluthi ya nafasi, na nafasi 21 zingekuwa pana kupita mita 3, kwa hiyo unapanda hadi 22. Mita 31 gawanya kwa 3 ni 10.33, unapanda hadi 11. Mzunguko: 22, 11, 22, 11. Jumla 66. Fundi wa pili alikuwa sahihi, kwa uzio usio na geti.

Fundi wa tatu, wa 70, alifanya lile kosa la kona mbilimbili: 23 na 12 na 23 na 12. Kosa la fundi wa kwanza ni la kujificha zaidi, na hata mimi liliwahi kunikamata nilipokuwa bado ninaianza kazi hii. Alijumlisha pande zote akapata mita 190, akagawanya kwa 3, akapata 63.33, akapandisha hadi 64. Inaonekana ni hesabu safi. Lakini kila kona lazima iwe na nguzo, na njia hiyo haijui kona ziko wapi. Inahesabu kana kwamba nafasi inaweza kuanza upande mmoja, ikapinda, ikaishia upande mwingine. Ilivyonitokea mimi, nilifika upande wa mwisho na nguzo zikaisha nikiwa na mashimo mawili wazi, mteja amesimama pale anaangalia. Panda kwenda juu kwa kila upande peke yake, usisubiri jumla.

Ukishapata nafasi 22 kwenye mita 64, zigawanye sawa: kila moja iwe mita 2.91. Kuna mafundi wanaopenda kuchapa mita 3 kamili mara 21 na kuacha kipande cha mita moja mwishoni. Idadi ya nguzo haibadiliki, lakini kile kipande kifupi kinakaa karibu na kona, mahali ambapo mguu wa nguzo ya kuegemeza kona unatakiwa kuchimbiwa, na mashimo yanagongana.

Hatua ya tatu: weka geti

Geti hubadilisha hesabu kwa sababu huja na nguzo zake mbili mahali pake palepale, na upande huo hauwezi tena kugawanywa kama kitu kimoja. Shemeji alitaka geti la mita 4, pikapu iingie, kwenye upande mfupi unaotazama barabara. Aliliweka mita 6 kutoka kona ya kushoto. Upande huo sasa una vipande vitatu: mita 6 za wavu, mita 4 za geti, na mita 21 za wavu.

Mita 6 ni nafasi 2. Geti ni nafasi moja, hata kama ni pana kuliko zingine. Mita 21 ni nafasi 7. Jumla ya upande wa mbele ni nafasi 10 badala ya 11. Mzunguko sasa ni 22 na 11 na 22 na 10, sawa na 65. Geti limepunguza nguzo moja. Watu wengi huongeza mbili juu ya jumla kwa ajili ya geti, na hapo ndipo ziada inapozaliwa.

Hakikisha kwa kuzitaja kwa majina. Nguzo za kona ni 4. Za geti ni 2. Za kati, kwenye kila upande mrefu ni 21, mara mbili ni 42. Nyuma ni 10. Mbele kuna 1 kwenye kile kipande cha mita 6, na 6 kwenye kipande cha mita 21. Hizo za kati ni 59. Ongeza 4 na 2, unarudi kwenye 65. Njia mbili tofauti zikikupa namba moja, unaweza kulala.

Supoti, ambazo kwa kawaida husahaulika

Nguzo iliyosimama peke yake haiwezi kuhimili kuvutwa. Wavu ukikazwa, kona huvutwa kwa ndani kutoka pande mbili, na baada ya mvua mbili za udongo mweusi utaona kichwa chake kimeinama. Ndiyo maana kona hupewa nguzo za kuegemeza, zile za mshazari ambazo mafundi huziita supoti. Mguu wake huchimbiwa mita moja hadi moja na nusu kutoka kwenye nguzo, kwenye mstari uleule wa uzio.

Kona moja ina pande mbili za kuvuta, kwa hiyo supoti mbili. Kona nne ni 8. Kila nguzo ya geti huvutwa na wavu upande mmoja tu, kwa hiyo supoti moja moja, jumla 2. Kwenye mstari mrefu, mimi huweka nguzo yenye supoti pande zote mbili kila baada ya nafasi kumi hivi, yaani kama mita 30. Upande wa mita 64 unahitaji moja katikati, kwenye mita ya 32, na bahati nzuri pale huangukia nguzo ya 11 barabara. Supoti 2 kwa kila upande mrefu, jumla 4. Upande wa nyuma wa mita 31 hauhitaji.

8 na 2 na 4 ni 14. Angalia ukubwa wake: mtu aliyehesabu nguzo zilizosimama tu angepungukiwa na 14, na hakuna aliyezitaja kati ya wale watatu.

Nguzo za geti shemeji aliagiza za bomba la chuma kwa fundi wa kuchomelea pamoja na geti lenyewe. Kwa hiyo oda ya nguzo za zege ilikuwa 63 za kusimama, na 14 za supoti, jumla 77. Tukaongeza 3 za akiba, ikawa 80. Akiba hiyo ni kwa ajili ya kushusha mzigo. Nguzo ikitupwa kutoka kwenye lori hupata ufa mwembamba unaoizunguka katikati, huuoni mpaka uilowanishe kwa maji, kisha unatokeza kama uzi mweusi. Nguzo ya hivyo usiisimamishe kwenye kona. Maji yatafika kwenye nondo, na kutu itaipasua.

Urefu wa nguzo ni neno moja tu: kwa wavu wa futi 5, nunua nguzo ya futi 8. Futi 2 chini, 6 juu, na ile futi inayobaki juu ya wavu ni ya seng'enge ya miiba. Kwenye udongo mweusi mimi hushuka hadi futi 2 na nusu.

Hatua ya nne: maroli ya wavu

Wavu ni rahisi zaidi kuhesabu, lakini ni rahisi pia kudanganywa. Mzunguko ni mita 190. Toa geti la mita 4, zinabaki 186. Roli nyingi za cheni linki zinazouzwa hapa ni za mita 18, ingawa zipo za 20 na 25, kwa hiyo uliza kabla ya kugawanya. 186 gawanya kwa 18 ni 10.33. Nunua 11, ambazo ni mita 198.

Kwa nini hapa tunagawanya jumla, wakati kwenye nguzo tulikataza? Kwa sababu cheni linki hufumuliwa na kufumwa upya. Ukichomoa waya mmoja wa kupanda, wavu unaachana vipande viwili. Ukiurudisha kwa kuuzungusha kama skrubu, vipande viwili vinakuwa kimoja, na huwezi kuona kiungo. Kipande kilichobaki upande mrefu huenda kuanzia upande mfupi bila kupoteza kitu. Ukitumia wavu wa kuchomelewa wenye macho ya mraba, hilo haliwezekani. Huo hupandishwa jicho moja au mawili juu ya mwenzake kila unapounganishwa, na hupoteza kidogo kila mahali.

Sasa, urefu wa roli. Cheni linki hunyumbuka kama sweta. Roli la mita 17 likivutwa kwa nguvu hufika 18 bila shida, na muuzaji atakupimia mbele ya macho yako. Lakini wavu unaorefuka hupungua kimo. Roli hilo la futi 5, lililokuwa mita 1.5 kwenda juu, litashuka hadi karibu 1.4, na macho yake yatalala kama macho ya mtu mwenye usingizi, mapana na mafupi. Kwa hiyo pima mambo mawili kwa pamoja. Tandaza roli moja chini, vuta mpaka macho yawe mraba uliosimama kwenye ncha, kisha pima urefu na kimo. Ikisoma 18 na kimo ni 1.5, ni sawa. Ikisoma 18 na kimo ni 1.4, imevutwa kupita kiasi, na hiyo ni roli ya 17.

Mita moja inaonekana ndogo mpaka uizidishe. Maroli 11 ya mita 17 ni 187, na wewe unahitaji 186. Umebakiwa na mita moja kwa shamba zima, na ukikosea kuvuta popote umekwama. Yakiwa ya 16 yanakuwa 176, na unahitaji la 12. Pima roli moja dukani kabla ya kulipia yote.

Wavu pia haujishikilii. Unahitaji waya wa kukaza mistari mitatu, juu, katikati na chini, yaani mita 186 mara tatu, 558. Uweke kwenye orodha sasa, ili usije ukasimamisha kazi kwa sababu yake.

Kama jirani ana ukuta tayari

Tuseme upande mmoja wa mita 64 una ukuta wa mawe wa jirani na mmekubaliana hutajenga hapo. Duara limekatika, sasa una mstari wenye mwanzo na mwisho. Nafasi ni 22 na 11 na 10, jumla 43, na nguzo ni 44. Hiyo moja ya ziada ni ile inayosimama ukutani mwishoni, kwa sababu ukuta haufungwi wavu. Supoti nazo hubadilika: kona mbili zilizobaki zinahitaji 4, nguzo mbili za ukutani moja moja, geti 2, katikati 2. Jumla 10. Wavu ni 186 toa 64, mita 122, ambazo ni maroli 6.78, kwa hiyo 7. Maroli 7 ni mita 126, zinabaki 4 tu. Kwenye hesabu ya kubana hivi, pima kila roli moja moja, au nunua la nane.

Hatua ya tano: kabla ya kulipa, chomeka vigingi

Mimi silipii nguzo mpaka nione vigingi vimesimama ardhini. Funga uzi kutoka bikoni hadi bikoni, ukaze mpaka ukiupiga kwa kidole unalia. Weka sifuri ya tepu kwenye kona na usiiondoe. Chomeka kigingi kwenye 2.91, kisha 5.82, kisha 8.73, ukiendelea hivyo hadi 32, ambayo ndiyo katikati. Kisha nenda kona ya pili uje kwa njia ileile mpaka mkutane na kigingi cha 32. Usipime kwa fimbo ya mita 2.91 unayoihamisha kutoka kigingi hadi kigingi. Fimbo ikizidi sentimita moja kila mara, baada ya mara 22 umekosea sentimita 22, na kosa lote linaangukia kwenye kona.

Jumamosi ile Ruai tulifanya hivyo na shemeji na kijana wake. Kijana alitembea akihesabu kwa sauti, akigusa kila kigingi kwa mguu, kutoka kona ya barabarani, akapita upande mrefu, nyuma, akarudi kwa upande mrefu wa pili, akapita getini. Alipogusa cha 65, kilichofuata mbele yake kilikuwa kile cha kona alichoanzia, na hakukihesabu tena.